Biashara ya kuhudumia mitungi ya kuzimia moto madukani na majumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu fundi au mfanyabiashara mdogo wa Tanzania anayefikiria kuingia kwenye usalama wa maduka na nyumba na kutafuta pa kuanzia. Tumechagua kazi moja tu, ya kukagua na kujaza vizima moto, tukaieleza kwa undani. Vipimo vya kiufundi ni vile vinavyotumika kwenye kazi hii kwa ujumla. Ila kibandiko cha mtengenezaji kilichopo kwenye mtungi ulioushika ndicho kinachokuongoza kwa mtungi huo.

Kwa nini vizima moto, na si taa za mtaani au ulinzi shirikishi?

Taa na ulinzi vyote vinafaa, lakini mapato yake yanategemea michango ya mtaa mzima. Taa moja inaangaza nyumba ishirini, wanaochangia wako kumi na wawili, na betri ya sola ikichoka hakuna anayekubali kuwa ni zamu yake kununua nyingine. Ulinzi shirikishi una ugumu huohuo, tena unapita kwenye ofisi ya Serikali ya Mtaa na polisi kabla hujapata hata shilingi.

Mtungi una mwenyewe. Mwenye fremu ameununua, mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji anamuuliza kuhusu mtungi huo, na kila mwaka unadai kuangaliwa. Ukiwa na mitungi mia tatu kwenye daftari lako, unajua mwezi ujao una kazi gani.

Nianze na vibali gani?

Vile vya biashara yoyote: jina la biashara kutoka BRELA, TIN, leseni ya halmashauri. Cha pekee kwenye kazi hii ni kufika ofisi ya Zimamoto ya mkoa wako kabla hujanunua kifaa hata kimoja. Ukaguzi wa majengo na vyeti vyake vinasimamiwa na jeshi hilo chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007. Uliza mambo mawili: masharti ya anayetaka kutoa huduma kwa mitungi ya watu, na jinsi mkaguzi anavyotaka kumbukumbu za huduma ziandikwe. Jibu la pili litakuepusha na kuchapisha stika elfu moja ambazo hakuna atakayezikubali.

Nitakutana na mitungi ya aina gani?

Madukani na majumbani, mingi itakuwa ya poda ya kilo 1, 2, 4, 6 au 9, yenye geji ndogo shingoni. Ndani mna unga na gesi ya kuusukuma, vyote kwenye chumba kimoja. Karibu na vyumba vya mita za umeme, kwenye benki na ofisi zenye kompyuta, utakuta mitungi ya CO2 ya kilo 2 na 5. Hii haina geji na ina pembe nyeusi pana mdomoni. Mara mojamoja utaona ya povu au ya maji.

Makosa mengi huanza kwa kuihudumia poda na CO2 kwa namna moja. Mtungi wa poda una mgandamizo wa kama bar 14 tu, wakati wa CO2 kwenye joto la Dar es Salaam unazidi bar 60, na ukiachwa juani ndani ya gari iliyofungwa unapanda zaidi ya hapo kwa haraka. Fundi anayeanza afanye kazi za poda mwenyewe. Kwa CO2, akague na kupima uzito, kisha ya kujaza aipeleke kwa kampuni yenye pampu maalumu na mashine ya kupima uimara wa silinda.

Vifaa vya kuanzia ni vipi?

Orodha ni fupi kuliko wengi wanavyodhani. Unahitaji kibano imara cha mezani kinachoshika mtungi usizunguke, spana kubwa ya shingo, na mizani inayosoma hadi gramu 50 au pungufu. Ongeza silinda ya naitrojeni kavu yenye regyuleta, mpira wa kujazia wenye viunganishi vya nozo za aina mbalimbali, faneli, brashi, barakoa ya vumbi na miwani. Kwenye vipuri, nunua oringi za saizi tofauti, springi za valvu, geji, pini, sili za plastiki na mipira ya kupulizia.

Kisha kuna mitungi ya kuazima, ambayo wengi huisahau. Ukichukua mtungi wa mteja ukamwachia ukutani msumari mtupu, duka limebaki bila kinga na wewe ndiye uliyeliacha hivyo. Anza na mitungi minane ya kilo 6 ya kwako, iandike ubavuni KUAZIMA kwa rangi, na usichukue mitungi mingi kuliko unayoweza kuiachia nafasi.

Chumba kiwe kikavu, bila feni inayopeperusha unga. Siku ya mvua kubwa usifungue mfuko wa poda.

Je, kila mwaka mtungi hufunguliwa na kujazwa upya?

Hapana, na hapa wateja wengi wanalipishwa wasichostahili. Mtungi wa poda ulio mzima hukaguliwa kwa nje kila mwaka. Kwa utaratibu wa Kiingereza, hufunguliwa, kumwagwa na kujazwa upya kila baada ya miaka 5. Utaratibu wa Kimarekani unataka ufunguliwe kila miaka 6 na silinda ipimwe kwa mgandamizo wa maji kila miaka 12. Uliza Zimamoto wanataka upi, kisha uufuate huo tu.

Kabla ya muda huo, unafungua pale tu penye sababu: geji imeshuka, uzito umepungua, sili imekatika, unga umeganda, au hakuna anayejua mara ya mwisho ulifunguliwa lini. Kila unapofungua shingo unavuruga oringi iliyokuwa imekaa vizuri. Mtungi uliofunguliwa bila sababu unaweza kuanza kuvuja wiki hiyohiyo.

Ukaguzi wa mwaka unafanyikaje bila kufungua?

Anza na geji. Sindano iwe kwenye kijani, lakini usiiamini peke yake, maana geji hukwama. Igonge taratibu kwa ukucha uone kama sindano inatikisika. Soma asubuhi, kabla jua halijapasha ukuta, kwa sababu mtungi uliopungukiwa kidogo unaweza kuonyesha kijani saa nane mchana.

Weka mtungi kwenye mizani na ulinganishe na uzito wa jumla ulioandikwa kwenye kibandiko. Uzito ukiwa sawa na geji iko chini, gesi imevuja. Geji ikiwa sawa na uzito uko chini, kuna mtu aliutumia kisha akaujaza upepo bila kurudisha poda.

Sasa upindue kichwa chini, tega sikio na uhisi kwa mikono. Poda nzima inashuka kama mchanga mkavu, na unausikia uzito ukihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Iliyoganda haishuki, au inaanguka kwa mkupuo mmoja kama jiwe. Mitungi inayokaa kwenye magari na bajaji huganda zaidi, kwa kuwa mtikisiko unaushindilia unga chini.

Malizia na mpira wa kupulizia. Ufungue, uangalie ndani kwa tochi. Buibui na nyigu wanapenda sana kujenga humo, na kiota kidogo cha udongo kinatosha kuziba njia. Angalia pini inatoka kwa mkono bila koleo, kisha weka sili mpya.

Nafungua vipi mtungi wa poda bila kujiumiza?

Chukulia kuwa kila mtungi una gesi, hata kama geji inasoma sifuri. Tundu dogo linaloingia kwenye geji likizibwa na unga, sindano inabaki sifuri huku ndani mna bar 14, na kichwa cha valvu kinaweza kuruka kikakupata usoni.

Funga mpira wa kutolea kwenye pipa lenye kifuniko au mfuko mgumu. Pindua mtungi kichwa chini, kisha bonyeza mkono wa valvu. Ukiwa umepinduliwa, unga unalala upande wa shingo na mdomo wa mrija wa ndani unabaki juu kwenye gesi, kwa hiyo inatoka gesi yenye vumbi kidogo, si poda yote. Endelea kubonyeza hadi sauti iishe kabisa, halafu bonyeza mara nyingine.

Usimamishe, ufunge kwenye kibano, usimame pembeni bila kuinama juu yake, na ulegeze shingo robo zamu. Shingo nyingi zina mfereji au tundu linalotoa gesi iliyobaki kabla nyuzi hazijaachana. Ukisikia sauti, acha palepale, usizungushe hata kidogo mpaka inyamaze.

Poda ipi irudishwe ndani, na je, ya zamani inatumika tena?

Soma kibandiko. Poda ya ABC msingi wake ni fosfeti ya amonia, na inazima moto wa mbao na nguo, mafuta na gesi. Poda ya BC kwa kawaida ni bikaboneti ya sodiamu, jamaa wa magadi ya kupikia, nayo haifai kwa mbao wala nguo. Kwa duka la kanga au godoro, tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

Usizichanganye kamwe, hata mabaki ya kijiko kimoja. Moja ina tindikali kidogo, nyingine ni magadi. Zikikutana na unyevu zinatoa hewa ya kaboni dioksidi na maji. Unga unaganda na mgandamizo unapanda ndani ya mtungi uliofungwa. Ndiyo maana faneli na ndoo za poda hizi mbili zitenganishwe na ziwe na rangi tofauti.

Poda ya zamani ambayo ni kavu, haijachafuka na unajua aina yake inaweza kurudi kwenye mtungi uleule iliyotoka. Chukua bonge, lidondoshe mezani kutoka urefu wa kama sentimita 10. Likivunjika na kuwa unga, ni sawa. Likibaki bonge, poda yote inatupwa. Usichekeche ukarudisha iliyopita, kwa sababu unyevu ulioganda bonge umeshaingia kwenye unga mwingine.

Kuna usumbufu mmoja wakati wa kujaza. Poda mpya ikimiminwa inavimba kwa hewa, na nusu kilo ya mwisho inakataa kuingia. Mafundi wenye haraka huiacha nje. Subiri dakika kadhaa, pigapiga ubavu wa mtungi kwa kiganja, unga utatulia na uliobaki utaingia. Mtungi wa kilo 6 unapimwa kwa mizani, haujazwi kwa macho.

Kompresa ya kujazia matairi haiwezi kutosha?

Inaweza kufikisha mgandamizo, na ndiyo hatari yake, maana geji itasoma kijani. Upepo wa kompresa unabeba maji. Chukua kompresa yoyote ya gereji, fungua koki ya chini ya tangi lake, utaona maji yakitoka. Maji hayo yakiingia kwenye poda, baada ya miezi kadhaa unapata bonge gumu kuzunguka mrija, na siku ya moto inatoka gesi tupu kwa sekunde mbili kisha kimya. Mteja hatajua, na wewe hutajua.

Naitrojeni kavu haina tatizo hilo, na gharama yake kwa mtungi mmoja ni ndogo. Silinda ya lita 50 iliyojazwa bar 150 ina takriban lita 7,500 za gesi, na utatumia kama 6,500 kabla mgandamizo haujawa mdogo mno. Mtungi wa kilo 6 unameza karibu lita 60. Kwa hesabu hiyo silinda moja inajaza mitungi kama mia moja, mradi viunganishi vyako havivuji.

Kamwe usiunganishe silinda ya naitrojeni moja kwa moja bila regyuleta. Bar 150 zikiingia kwenye mtungi uliotengenezwa kwa bar 14, unapasuka. Iweke regyuleta kwenye kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko, jaza kupitia kwenye nozo huku umebonyeza valvu, kisha linganisha geji ya regyuleta na ya mtungi. Zikitofautiana waziwazi, badilisha geji ya mtungi.

Nimejaza Jumatatu, Alhamisi geji imeshuka. Tatizo ni nini?

Karibu kila mara ni punje za unga zilizokaa kwenye kikalio cha valvu. Mwenye duka anasema alibonyeza kidogo tu kujaribu, na hajui kwamba kubonyeza huko kidogo kunatosha. Poda inapita, valvu inajifunga juu ya punje, na gesi inatoka polepole usiku kucha. Mtungi wa poda uliobonyezwa hata sekunde moja ni mtungi uliotumika, na mwambie hivyo kabla hajakulaumu.

Kutafuta uvujaji, paka maji ya sabuni sehemu tatu. Mapovu kwenye mdomo wa kutolea yanaonyesha kikalio cha valvu: fungua, safisha kwa brashi na kitambaa kikavu, badilisha springi kama imelegea. Mapovu kwenye shingo ni oringi au mkwaruzo pale inapokaa. Mapovu kwenye nyuzi za geji, fungua geji ubadilishe kizuizi chake. Usikaze kwa nguvu zaidi ukidhani utaziba, kwa sababu oringi iliyobanwa kupita kiasi inakatika.

Baada ya kurekebisha, mtungi ulale karakana saa 24 na usomwe tena kabla ya kurudi kwa mteja.

Mtungi wa CO2 hauna geji. Nitajuaje kama umepungua?

Kwa mizani tu. Ndani CO2 iko nusu kimiminika, kwa hiyo mgandamizo haukuambii kilichobaki. Unaweza kuwa mkubwa vilevile hata nusu ya gesi ikiwa imeshatoka.

Kanuni ni kwamba mtungi uliopoteza zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake unajazwa upya. Wengi hukosea hapa wanapochukua asilimia 10 ya uzito wote. Tuseme mtungi wa kilo 5 umeandikwa uzito wa jumla ukiwa umejaa kuwa kilo 14.2, na mizani inasoma 13.5. Umepungua gramu 700. Asilimia 10 ya gesi ni gramu 500 tu, kwa hiyo mtungi huu unakwenda kujazwa. Anayepiga asilimia 10 ya 14.2 anapata kilo 1.42 na kuupitisha ukiwa na upungufu.

Hakikisha unapima katika hali ileile iliyoandikwa, yaani pamoja na pembe au bila pembe. Pembe na mpira wake vinatosha kuficha uvujaji.

Mtungi upi haustahili kujazwa tena?

Kwa pwani, angalia kitako kwanza. Mitungi mingi ina pete ya plastiki chini, na mteja akipiga deki maji ya chumvi yanakaa kati ya plastiki na chuma. Vua pete. Kutu ya juujuu inayofutika kwa kitambaa si neno. Vishimo unavyovihisi kwa ukucha, hasa kwenye mstari wa kuchomelea, vinauondoa mtungi kazini. Vilevile mtungi uliobonyea, uliochomelewa, uliopitia moto, au ambao kibandiko chake hakisomeki na hakuna alama ya mgandamizo wa majaribio.

Mtungi uliopakwa rangi upya uuogope zaidi. Rangi mpya juu ya mtungi wa zamani kwa kawaida imefunika kitu.

Usiurudishe kwa mteja ukiwa mzima, maana utauzwa. Mweleze kwa maandishi, akikubali toa gesi, ondoa valvu, toboa mwili, ndipo uende kwenye chuma chakavu.

Naomba mfano kamili wa kazi na hesabu yake.

Tuchukue jengo la fremu 24 lenye mitungi 26: ya poda kilo 6 ni 22, ya CO2 kilo 5 ni 4. Bei hizi ni za kupigia hesabu tu, weka za mtaani kwako.

Siku ya kwanza mnakagua yote palepale bila kuondoa kitu. Tuseme matokeo ni haya: poda 11 nzima, 8 za kufunguliwa, 3 za kutupwa. Kwenye CO2, moja imepungua na inakwenda kwa kampuni inayojaza, ambayo bei yake unamwambia mteja kando. Mnaacha mitungi minane ya kuazima, mnachukua minane. Siku ya pili mnafungua na kujaza, ya tatu mnasoma tena na kurudisha.

Gharama zenu: poda kilo 48 kwa Sh 5,000 ni 240,000. Oringi na springi za mitungi minane kwa Sh 3,000 ni 24,000. Sili na stika 26 kwa Sh 500 ni 13,000. Usafiri 40,000. Mafundi wawili siku tatu kwa Sh 20,000 ni 120,000. Naitrojeni lita 480 haifiki hata sehemu ya kumi ya silinda, tuiweke 7,000. Jumla 444,000.

Kama mlikubaliana bei moja ya Sh 15,000 kwa kila mtungi, mnalipwa 390,000 na mmekula hasara ya 54,000. Njia pekee ya kutoka hapo bila kupata hasara ni kutobadilisha poda, na ndivyo kazi mbovu zinavyozaliwa hata kwa watu wasio na nia mbaya. Kama ukaguzi ni Sh 10,000 kwa mtungi na kujaza ni nyongeza ya Sh 45,000, mnapata 260,000 na 360,000, yaani 620,000. Inabaki 176,000, na humo mnatoa pango la karakana, kodi na uchakavu wa vifaa.

Kwa hiyo ziandike bei mbili tangu kwenye karatasi ya makadirio. Mteja apewe orodha ya mitungi na sababu ya kila mmoja kabla hamjafungua chochote.

Mteja anataka stika tu ili mkaguzi akija aione. Nifanyeje?

Kataa, na si kwa ajili ya dhamiri peke yake. Stika yako ina jina na namba ya simu. Moto ukitokea, kitu cha kwanza kinachookotwa kwenye majivu ni mtungi, na jina lako liko juu yake.

Kinachosaidia kupambana na washindani wa stika ni pete ya plastiki ya shingoni, yenye mwaka, ambayo haiwezi kuvalishwa mpaka valvu imefunguliwa. Kila mtungi unaoujaza uvalishe, kisha mfundishe mwenye jengo kuitafuta. Akikuta mtungi unaodaiwa kujazwa mwaka huu na hauna pete, anajua.

Muuza chipsi na mama lishe nao wanafaa poda?

Kwa mtungi wa gesi unaowaka, ndiyo. Kwa karai la mafuta, kwa shida. Poda inaua mwali lakini haipoozi mafuta, na mafuta yaliyofikia joto la kujiwasha yanawaka tena sekunde chache baadaye, mtungi ukiwa umeshakwisha. Isitoshe, msukumo wa poda au CO2 ukipigwa karibu unamwaga mafuta yanayowaka. Mitungi ya jikoni yenye kemikali ya maji ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi hii, ila ni ghali kwa banda la chipsi. Muuzie mfuniko wa chuma unaofunika karai zima na mfundishe kufunga gesi kwanza. Maji kwenye mafuta ni marufuku.

Na majumbani?

Mtungi wa poda wa kilo 2 au zaidi, uning'inizwe karibu na mlango wa kutokea jikoni na si juu ya jiko, ili mtu asivuke moto kuufuata. Mpe mama mwenye nyumba na dada wa kazi dakika kumi za mazoezi kwa mtungi mtupu: vuta pini, simama hatua mbili tatu nyuma, lenga shina la moto, bonyeza, pepea kushoto na kulia. Waambie wazi kwamba mtungi wa kilo 2 unatoa poda kwa sekunde chache tu. Wasipouzima moto kwa mtungi huo, watoke, wafunge mlango na wapige 114.

Kumbukumbu niziwekeje?

Kila mtungi upe namba yako na uifunge kwa kibati shingoni. Usichonge mwili wa silinda, unaudhoofisha. Kwenye daftari au jedwali la kompyuta andika namba hiyo, mahali ulipo, aina na kilo, mwaka wa kutengenezwa, uzito uliousoma, hali ya geji, ulichobadilisha, na tarehe ya kufunguliwa tena. Safu ya uzito ndiyo yenye thamani kuliko zote. Mtungi uliosoma kilo 9.35 mwaka jana na 9.10 mwaka huu umekuambia kitu hata kama sindano iko kwenye kijani.

Mwezi wa kumi na moja baada ya ukaguzi, mtumie mteja ujumbe wenye idadi ya mitungi yake na ile itakayofunguliwa mwaka huu. Nakala ya jedwali ibaki kwake, maana mkaguzi akifika atamuuliza yeye.